Watia Saini wa Tujaribu

Siku ile mjinga alikuwa Husseni, na mwenyewe ukimwuliza hakatai, ila atakuomba umwulize mkewe akiwa hayupo.

Kikundi chao cha wakulima wa mwani pale Mlingotini, walichokiita Tujaribu, kilikuwa kimeshapata cheti cha usajili cha halmashauri. Kilichobaki ni akaunti ya benki. Mkutano mkuu ulichagua watia saini watatu: Shuaibu mwenyekiti, Husseni katibu, na Batuli mweka hazina, ambaye ndiye mke wa Husseni. Fedha zingetoka kwa saini za wawili wowote kati yao. Wenzake walisikia utaratibu. Husseni akasikia kwamba mkewe na Shuaibu wanaweza kwenda mjini wawili tu.

Na Shuaibu mwenyewe ndiye yule. Alifiwa na mke mwaka juzi, na tangu majonzi yamwishie anavaa kanzu zilizopigwa pasi utadhani zinakata. Akipita, udi wake unabaki nyuma kusalimia watu.

Bagamoyo mjini walikwenda wote watatu. Dawatini walipokewa na binti mmoja, Lulu, mpole lakini haachi kitu. Akapokea cheti, barua ya mtendaji, katiba, na muhtasari wa kikao wenye mahudhurio na saini. Akataka vitambulisho vya NIDA, akawawekesha vidole kwenye mashine mmoja mmoja. Kisha akabandika picha kwenye fomu ya saini: Shuaibu, Batuli ubavuni mwake, na Husseni huko mwisho, kama mpiga picha wa harusi aliyeingia kwa bahati mbaya.

"Umetoka vizuri, mweka hazina," Shuaibu akasema, akiitazama fomu.

"Ni taa za pale studio," Batuli akajibu, akacheka.

Nyumbani picha ileile Husseni alikuwa ameiona, akairudisha mezani bila kuisifu. Sasa mwingine kaisifu.

Lulu alikuwa akifunua katiba. "Hapa mmeandika watia saini wasiwe wa nyumba moja." Akawatazama Shuaibu na Batuli waliokuwa bado wanacheka. "Samahani, kaka. Huyu dada ni mkeo?"

Shuaibu hakuwahi hata kufungua mdomo.

"Mke wake wapi," Husseni akadakia, na ukumbi mzima ukageuka. "Huyo ni mke wangu mimi. Ndoa ya msikitini, mashahidi wapo, watoto wapo."

Lulu akaweka kalamu chini taratibu. "Basi ninyi wawili ndio wa nyumba moja."

Kifungu kile alikipigania Husseni mwenyewe wakati wa kutunga katiba, akihofia Shuaibu na dada yake Saida wasije wakashika fedha wao kwa wao. Saida akaolewa Msata, na kifungu kikasahaulika.

"Siwezi kufungua hivi," Lulu akasema. "Muhtasari unapingana na katiba. Rudini mkaitishe mkutano, mmoja wenu ampishe mwanachama mwingine, mniletee muhtasari mpya na kitambulisho cha huyo mpya. Mengine yapo sawa."

Njia nzima Batuli alitazama dirishani. Shuaibu naye alikaa kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza Husseni akashukuru umbali.

Ijumaa baada ya swala wakakutana barazani kwa Bi Adila, mwanachama mwenzao. Mwanamkasi, muuza maandazi asiyeogopa mtu, alikubali kuwa mtia saini wa tatu. Swali likabaki: nani atoke, mume au mke?

"Atoke Batuli," Husseni akasema. "Nyumba ina kazi nyingi."

"Kazi hizo zilikuwepo ulipompigia kura," Mwanamkasi akasema.

"Halafu mweka hazina asipotia saini, atatunza nini?" Bi Adila akauliza. "Ufunguo wa choo?"

Watu wakacheka. Shuaibu akatazama mkeka. "Mimi niko tayari kujitoa, kama ndiko kutakakoleta amani."

"Wewe kaa," Batuli akasema. "Huna kosa."

Huna kosa. Neno hilo lilimchoma Husseni kuliko vicheko vyote. Ina maana mwenye kosa anajulikana. Akaona akinyamaza sasa, kila mwezi atakuwa amekaa mlangoni akinusa udi usiokuwepo.

"Basi niseme wazi," akasema. "Simdhanii mtu vibaya. Naogopa maneno ya watu. Mke wa mtu na mgane, leo benki, kesho benki, watu watasema."

Batuli alijitengeneza mtandio, akamsogezea mumewe daftari la kikao.

"Watu hawajasema kitu, baba Farhan. Aliyesema ni wewe peke yako, tena kwa sauti, ndani ya benki. Haya, katibu, andika jina langu kwa watia saini."