Beseni la Sabasaba

Kila asubuhi mimi na Mama Raheli tulikaa uani, yeye kwenye kigoda na mimi juu ya kinu kilichopinduliwa, tukaandaa mchicha wa watoto wa kituo cha kulelea watoto cha kijiji. Yeye alikata, mimi nilimwaga maji. Alikuwa na mkono mwepesi, mchicha ukidondoka beseni­ni mwembamba kama nyuzi, huku akinieleza habari za Kanisa lao la milimani na jinsi binti zake wote walivyoolewa mbali.

Asubuhi ya tarehe nane Julai hatukumaliza. Filipo, mlinzi wa kituo, aliingia bila hata kubisha hodi.

"Bibi Maendeleo, njoo! Watoto kumi na mmoja wanaharisha. Wa Simoni hawezi kusimama!"

Mama Raheli aliweka kisu chini. Mimi, mtumishi wa maendeleo ya jamii pale kijijini, nilitazama beseni.

Lilikuwa lile lile la jana, siku ya Sabasaba. Sherehe hiyo ilikuwa ya kwanza tangu kijiji chetu kihamie karibu na Masanze, kwa hiyo kila mtu alileta kitu. Mama Mwanakheri, mpishi mwenzake Mama Raheli pale kituoni, alileta vibuyu viwili vya maziwa mgando. Mama Raheli alitengeneza kachumbari. Niliona kila kitu. Kwanza alisafisha viazi vitamu vyenye matope katika beseni hilo, kwa maji ya mfereji, ule ambamo ng'ombe hunywa. Kisha alikata nyanya, vitunguu na kabeji, akavitumbukiza vyote katika maji yale yale, akavikoroga na kuvikamua. Nyanya zilikuwa bado na madoa meupe ya dawa ya shamba, na madoa hayo aliyakata pamoja nazo.

Chuoni nilifundishwa miaka miwili kwamba jambo hilo halifai. Nilifungua mdomo.

"Mwanangu, niletee chumvi," alisema Mama Raheli, akitabasamu.

Nikaleta chumvi. Mwanamke aliyenipa chumba, aliyenipikia uji nilipougua malaria, ningemwambiaje mbele ya wenzake kwamba hajui kuosha nyanya? Kachumbari ilipopitishwa nilisema nimeshiba. Nikaomba maziwa ya Mama Mwanakheri, vikombe viwili.

Mtoto wa Simoni, Lazaro, alipakiwa kwenye trekta la kijiji hadi hospitali ya Kilosa. Siku nne baadaye alirudi, amekonda, macho makubwa. Wengine walipona kwa maji ya chumvi na sukari. Lakini kijiji kilitaka kujua kosa ni la nani.

Mwenyekiti Gabrieli aliita mkutano.

"Ndugu zangu, ni nini kilicholiwa siku ile ambacho hakikupikwa?"

"Maziwa!" alipaza sauti Simoni. "Yalikaa kibuyuni siku tatu. Hata paka angeyakataa!"

Watu walicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Maziwa mgando ndivyo yalivyo," alisema Mama Mwanakheri. "Bibi yangu aliyagandisha hivyo hivyo, na bibi yake. Wewe Simoni uliyanywa kwa sahani ukalamba na kidole."

"Na mwanangu je?"

"Sijui. Kachumbari nayo haikupikwa. Na Bibi Maendeleo alikunywa yangu vikombe viwili, mbona yuko salama? Ndiye msomi wetu. Mwulizeni."

Nyuso zote zikanigeukia. Mama Raheli alikuwa ameketi mkabala nami, mikono mapajani, ananitazama kwa upendo kama mtu amtazamavyo binti yake akisimama kusoma kanisani.

"Nilikunywa kidogo tu," nilisema.

Ndivyo nilivyosema. Mama Mwanakheri alijifunga khanga upya kiunoni, akatoka. Mkutano ukaamua asipike tena kituoni. Wiki ya pili watu walianza kuvuka njia wasipite mlangoni pake, na mwisho wa mwezi aliondoka kwenda kwa kaka yake, katika kijiji kiitwacho Ulaya, huku huku Kilosa.

Nikabaki mimi na beseni. Sikuweza tena kukaa juu ya kile kinu nikimwaga maji. Siku moja Mama Raheli alipokwenda kuchota, niliufanya mchicha kama nilivyofundishwa. Nilinawa mikono kwa sabuni. Niliondoa mizizi na majani yaliyooza, nikayaacha mengine mazima. Niliyatikisa ndani ya maji mengi ya kisima, nikayatoa kwa mikono miwili, maji nikayamwaga. Nikarudia mara ya pili.

Alinikuta katika maji ya tatu.

"Mbona unapoteza maji hivyo, mwanangu? Kisima kiko wapi, na mgongo wangu uko wapi?"

"Angalia chini, Mama."

Aliinama. Chini ya beseni kulikuwa na mchanga mwembamba, na mdudu mmoja mwenye miguu mingi.

"Ukiyamimina pamoja na maji, mchanga unarudi juu ya majani," nilisema. "Unayatoa majani kwanza. Unarudia mpaka chini pawe safi. Na hukati kabla ya kuosha, maana uchafu unaingia pale ulipokata. Nyanya unazisugua moja moja kwa mkono huku mwenzako akimimina maji. Bila sabuni, maana nayo huingia ndani. Kabeji unatupa majani ya nje, unayaachanisha mengine. Kama kitu kitaliwa kibichi, basi maji yawe yamechemshwa yakapoa."

"Na ile dawa nyeupe?"

"Maji yanaondoa sehemu tu, si yote. Ndiyo maana mkulima lazima aulizwe amepiga lini, na tusichume kabla siku zake hazijaisha."

Mama Raheli alitia kidole majini, akausukuma mchanga upande, ukarudi.

"Siku ya Sabasaba," alisema polepole, "uliyajua haya?"

"Niliyajua."

"Na kachumbari yangu hukula."

"Sikula."

Alikaa kwenye kigoda chake. Nilidhani atanifukuza, na ningekubali.

"Ningekukasirikia siku moja," alisema. "Labda mbili. Halafu ningeosha upya." Akajipangusa macho kwa kiganja chenye maji. "Kesho mimi mwenyewe nitamwambia Gabrieli. Lakini kwa Mwanakheri utakwenda wewe."

Aliniazima baiskeli ya mumewe. Nilifika Ulaya siku ya gulio. Mama Mwanakheri alikuwa ametandaza gunia, juu yake mafungu ya bamia na nyanya chungu. Vibuyu havikuwepo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nyanya chungu au bamia?"

"Maziwa huuzi siku hizi?"

"Nani atakunywa? Habari za Masanze zilitangulia kufika kabla yangu."

Nilichuchumaa mbele ya gunia. Wanawake wawili walikuwa wakichagua bamia, wakizikunja ncha kuona kama ni changa. Nilinong'ona kwamba nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa nini unanong'ona?" aliuliza Mama Mwanakheri. "Mkutanoni nilihukumiwa kwa sauti. Sema, hawa nao wasikie."

Wale wanawake waliacha bamia. Nilisimama. Nikaishika khanga yangu ili mikono ipate kazi.

"Maziwa ya huyu mama yalikuwa mazuri," nilisema, na gulio lote nadhani lilisikia. "Nilikunywa vikombe viwili vizima. Kachumbari ndiyo iliyooshwa vibaya, nikaona, nikajua, nikaacha watoto waile, halafu nikamwacha yeye afukuzwe kwa sababu niliogopa kusema." Mama Mwanakheri aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.