Neno Kujitoa

Kathambi alipewa ukurasa mmoja. Tangazo lenyewe la maafikiano lilikuwa na kurasa thelathini na moja za Kiingereza, na Bi. Radebe, wakili mkuu wa ofisi yao pale Marshalltown, katikati ya jiji, aliliweka mezani kwake na kusema, "Watu wa Hillbrow na Rosettenville hawatasoma hili. Waandikie Kiswahili. Upande mmoja wa karatasi."

Kesi ilihusu jiko dogo la gesi la mezani. Bomba lake lilivuja kwenye kiungo, na kwa miaka mitatu lilikuwa limeunguza watu katika vyumba vya kupanga, wengi wao wageni, kwa sababu wageni ndio walionunua kitu cha bei ile. Mahakama Kuu ilikubali watu wote washtaki kwa pamoja. Kampuni iliyoliuza ikakubali kulipa. Jaji aliagiza tangazo litoke, na lifupishwe katika lugha za waathirika.

Kathambi alizaliwa Meru na alikuwa wakili wa pekee pale ofisini aliyejua Kiswahili. Aliandika kwa siku mbili. Nani anahusika: yeyote aliyeunguzwa na jiko hilo au kuunguliwa mali yake, awe raia au asiwe, awe na vibali au asiwe navyo. Jinsi ya kudai: ujaze fomu ya madai, uambatanishe kadi ya kliniki au picha ya jeraha, usipokuwa na risiti, uape mbele ya kamishna wa viapo. Huduma ni bure. Madai yapokelewe kabla ya tarehe thelathini Septemba. Chini aliweka kichwa HAKI YA KUJITOA, mwisho tarehe thelathini na moja Mei, na kipande cha kukata chenye mstari wa jina na mstari wa sahihi. Fomu ya madai ilikuwa na kurasa nne, haikutosha pale. Ilibidi mtu aiombe ofisini.

Karatasi ilibandikwa misikitini, makanisani, na kwenye milango ya spaza, vile viduka vya mitaani. Fauzia, Mtanzania mwenye duka la vitambaa Hillbrow, aliisoma kwa sauti na kuituma kwenye kundi la simu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Alisema, "Jamani, haki yetu imetoka. Kuna karatasi ya kujitolea, jitoleeni mapema, mwisho ni Mei."

Bi. Radebe alimwita Kathambi wiki ya pili ya Mei. Juu ya meza yake palikuwa na rundo la vipande vilivyokatwa kwa mkasi, vingine kwa meno.

"Watu wako wanajitoa kwenye maafikiano," alisema.

"Wangapi?"

"Wanaosoma Kizulu, wawili. Wanaosoma Kiswahili, hili rundo."

Kathambi alichukua kipande cha juu. Chini ya sahihi mtu alikuwa ameandika: *Mungu awabariki kwa kutukumbuka.* Kilichofuata kilisema: *Nimejitoa kwa moyo wote.* Aliketi.

"Mtu anayekataa malipo hawezi kutubariki," alisema.

"Hilo nililiona hata bila Kiswahili," alisema Bi. Radebe. "Sasa soma kifungu cha kumi na nne."

Kifungu cha kumi na nne kilisema kwamba wakijitoa watu kupita idadi fulani, kampuni inaweza kuvunja maafikiano yote. Kila aliyejitoa ni mtu anayeweza kuishtaki peke yake, na kampuni haikutaka kulipa kundi halafu ishtakiwe tena na nusu ya kundi. Rundo lilikuwa limekaribia idadi hiyo.

Kathambi alitaka kuwapigia watu simu mmoja mmoja, wafute. Bi. Radebe alikataa. "Kosa liko kwenye tangazo la mahakama. Tunamwambia jaji, na tunawaambia mawakili wa kampuni, leo." Hakupandisha sauti. Kathambi alitamani angepandisha.

Mawakili wa kampuni hawakupinga. Jaji alisoma tafsiri ya vile vipande, akauliza kama *moyo wote* ni msemo wa kisheria, akaambiwa sio. Aliagiza karatasi mpya, akasogeza mwisho wa kujitoa hadi Juni, na kuruhusu aliyejitoa afute kwa maandishi akitaka. Alilisisitiza neno *akitaka*.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Rosettenville, na Waislamu walikuja vilevile kwa sababu ndio ukumbi wenye viti. Ofisi ilileta kamishna wa viapo, maana hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda kuapa kituo cha polisi. Mstari wa mbele aliketi Bi. Zabibu wa Tanga, muuza vitumbua, mkono wake wa kulia umekunjamana hadi kwenye kiwiko.

"Hao wa kampuni niliwapa mkono huu hata kabla ya kuwajua," alisema. "Sasa unaniambia nimekataa fidia?"

"Kwa karatasi ile, ndiyo, mama," alisema Kathambi.

"Lakini mimi nilijitoa!"

"Ndiyo hivyo, mama. Kujitoa ni kutoka. Ukitoka hulipwi humu, lakini unabaki na haki ya kuishtaki kampuni mwenyewe, kwa wakili wako na gharama zako."

"Na nikinyamaza tu?"

"Umo ndani, huwezi kuishtaki tena. Na usipojaza fomu ya madai hulipwi pia."

Ukumbi ulinung'unika. Lambert, Mkongo aliyekuwa akilinda maghorofa Hillbrow, aliinua mkono. "Dada, kwetu ukisema mtu amejitoa, amejitoa kwa Mungu. Sasa hapa ni kinyume?"

"Hapa ni kinyume. Maana yake ni *sitaki maafikiano haya*."

"Sasa si ungeandika hivyo?"

Fauzia, nyuma, alitazama simu yake kwa bidii. Kathambi alitoa rasimu ya karatasi mpya, akafuta kichwa, akaandika: SITAKI MAAFIKIANO HAYA. Safari hii fomu ya madai, kurasa zote nne, iliambatanishwa mbele, na kipande cha kukataa kilikuwa nyuma.

Watu walijipanga kufuta. Bi. Zabibu alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, akamtazama Kathambi, akasema, "Sharp, tumeelewana," kisha akaenda kujaza madai. Foleni iliisha. Akabaki mzee mmoja kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa Théodore, fundi cherehani kutoka Burundi.

"Baba, nikusaidie kufuta?"

"Hapana. Mimi nilielewa tangu mwanzo."

"Ulielewa?"

"Kujitoa ni kutoka. Nimetoka." Alisema mke wake alikuwa akichemsha maji ya chai. Baada ya kuungua aliishi siku tisa tu hospitalini. "Mnasema kampuni inalipa bila kukiri kosa. Ni kweli?"

"Ni kweli. Imeandikwa ukurasa wa tatu wa tangazo la Kiingereza."

"Basi mimi nataka wakiri."

Kathambi alimweleza yote: kwamba huenda asipate kitu, kwamba kesi ya peke yake ni ndefu, kwamba muda wa kushtaki una mwisho na asichelewe kuonana na wakili, na kwamba yeye Kathambi hawezi kuwa wakili huyo kwa sababu anawakilisha waliobaki. Théodore alisikiliza hadi mwisho.

"Eish, kazi ipo," alisema. "Umeeleza vizuri."

Kathambi alimwandikia kwenye karatasi jina la kliniki ya sheria ya chuo kikuu, ambako mawakili husaidia bure. Mzee aliikunja, akaiweka mfukoni mwa koti alilolishona mwenyewe.

Jaji aliyaidhinisha maafikiano Agosti. Kathambi alikuwa nyuma ya Bi. Radebe, na alipogeuka alimwona Théodore kwenye benchi la umma. Hakuwa tena mmoja wa kundi, hakuwa na la kusema mle. Wengine walipokumbatiana koridoni, mzee alimsogelea Kathambi.

"Wameniita ile kliniki ya sheria Jumatatu," alisema. "Wanataka nilete picha ya mke wangu. Ninayo moja tu, amevaa gauni la harusi ya dada yake. Inafaa?"

"Inafaa, baba."

"Anacheka sana kwenye ile picha."

"Wapelekee hiyohiyo," alisema Kathambi.