Gauni la Bibi Asiya

Mi mutu akinifundisha kazi yangu, damu inachemka. Na Bibi Houda alikuja studio kwangu, hapa Buyenzi, kunifundisha.

"Khadidja, itie rangi hii picha ya harusi yangu, tuitundike Jumamosi mjukuu akiolewa. Ila gauni la Asiya liache jeusi! Alikuja harusini kwangu amevaa msiba, watu wajue."

Bibi Asiya alikuwa amemfuata hadi kwangu, amekaa pembeni na tasbihi yake. Nyumba zao zinatazamana. Miaka sitini na miwili anaapa gauni lilikuwa jekundu, na miaka yote hiyo Houda hamwiti hata kwenye futari. Sasa na harusi ya Jumamosi amenyimwa. Nilimwonea huruma, wallahi.

Nikaikuza picha kwenye kompyuta. Bwana harusi, marehemu Mzee Hamissi, kasimama katikati na tarbushi nyeusi tii.

"Bibi Houda, tarbushi ya mzee ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu! Ninayo sandukuni mpaka leo."

"Mbona hapa nyeusi?"

Akainamia kompyuta, akaitazama tena. Nilifurahi, sifichi.

Nikamweleza kwamba filamu ya yule mpiga picha ilikuwa haioni nyekundu, ndiyo maana aliweza kuisafisha chini ya taa nyekundu bila kuiharibu. Bluu inaiona kupita kiasi, tazama mbingu ilivyotoka nyeupe.

"We mutoto, usinichezee."

Haya. Nikaweka nyanya na kipande cha mkaa mezani, nikavipiga picha kwa simu, nikaitia kwenye kompyuta. Nikaondoa nyekundu yote, iliyobaki nikaigeuza kijivu. Nyanya ikawa nyeusi kama mkaa wenyewe.

"Kumbe lilikuwa jekundu," Houda akasema polepole.

"Labda, bibi. Kwa filamu hii nyekundu na nyeusi zinatoka sawa. Mi nakisia tu."

Hakunisikia. Alishaanza kulia. "Astaghfirullah! Asiya, dada yangu, nisamehe. Jumamosi utakaa mbele, ubavuni kwangu."

Wakakumbatiana, na mimi mjinga nikalia nao. Nikalipaka gauni wekundu wa tarbushi, nikaongeza kivuli kwenye mikunjo. Lilipendeza mno.

Houda akatangulia nje. Asiya akabaki anakitazama kioo cha kompyuta, akatabasamu.

"Umelipaka vizuri, mwanangu."

"Ndivyo lilivyokuwa?"

"Apana. Lilikuwa jeusi tii. Nililiazima kwa mjane mmoja."

Nikamkodolea macho. "Bibi! Kwa nini?"

"Hamissi alinichumbia mimi kwanza." Akajifunga mtandio vizuri. "Hilo jekundu usiliguse tena."

Akatoka taratibu, akiita kwa sauti tamu: "Houda, dada yangu, ningoje! Nishike mkono."