Dirisha la Nusu Saa

Gloire hakuwa na baiskeli, hakuwa na unga wa protini, wala utulivu. Kila akimaliza kunyanyua vyuma mtaani Muhumba, alipanda mlima mbio hadi nyumbani Cimpunda ale maharage na samaki wadogo wa sambaza kabla nusu saa haijapita, maana aliamini baada ya hapo dirisha la misuli kupokea chakula hufungwa. Sasa timu ya Kalehe ilimwita, lakini kule watu hula masaa mawili baada ya mazoezi. Alizunguka katika ukumbi wa mazoezi, barua aliyoandika ya kukataa mkononi.

"Na ile dirisha itafungwa, maman!" alimlalamikia kocha wake.

Kocha Constance alicheka. "Misuli iko duka? Inapokea siku nzima, hata kesho. Kula ya kutosha kila siku, na mbele ya mazoezi pia. Mbio zako ndizo zinakumaliza!"

Gloire akaichana ile barua, akaandika nyingine ya kukubali, akaifunga, akaituma kwa boti ya Kalehe.