Tumbo Jeupe la Kiboko

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, vumbi likitanda Mpanda, Makarius alileta dukani mchoro wake wa kiboko uchapwe kwenye fulana za kijani za waliosoma naye shule ya bweni. Mkutano wao ulikuwa kesho yake. Fausta, mchapaji, aliuskani, akafuta weupe wa karatasi kwenye kompyuta.

“Mbona tumbo limebaki jeupe? Sisi wa bweni hatupokei kazi ya ovyo!” Makarius akafoka.

“Kiboko wako amevaa shati la shule, kaka,” Fausta akatania. “ Nimefuta weupe wa nje tu. Huo wa ndani umezungushiwa mistari yako.”

“Sema huwezi.”

Fausta akachagua weupe wote wa picha, akaufuta. Ikabaki mistari ya wino tu, juu ya kijani cha fulana kwenye skrini.

“Sasa nakudai radhi, kwa sauti ya paredi.”

Makarius akasimama wima, akaomba radhi mbele ya wateja wote.