Saa Moja ya Wach

Duka langu la simu liko Suna, mjini Migori, mkabala na soko, na kuna aina moja ya mteja anayenichosha: yule anayeleta simu aliyotumiwa kutoka ng'ambo, akitaka mimi nijibu maswali ambayo aliyeituma hakuyajibu. Nimetoka Malindi miaka mingi iliyopita. Mvua ya huku nimeizoea, omena, dagaa wa ziwani, nimezizoea, lakini wateja hao bado.

Phanice alikuwa mmoja wao. Aliingia Alhamisi mchana akiwa na begi la nguo, akalitua juu ya kioo cha kaunta yangu bila kuuliza, kisha akaweka simu kando ya begi. Nilimjua. Mumewe Boaz anauza omena sokoni, vibanda vichache kutoka kwangu. Kila wiki Boaz huenda Mbita, ufuoni mwa ziwa, kununua mzigo na hulala huko siku mbili. Kazi hiyo ya Mbita ilikuwa ya ndugu yake mkubwa, Maranga. Maranga alipofariki mwanzoni mwa mwaka, Boaz aliichukua, na hata chumba cha kupanga cha marehemu akakichukua.

"Tima, hii simu iko na maneno ndani," Phanice akasema. "Nataka unitolee nisikie."

"Maneno gani, Mama Dorine?"

"Ya bwanangu na mwanamke wake."

Niliondoa begi kwenye kioo kwanza. Kioo nimekibadilisha mara mbili tayari. Halafu nikaichukua simu.

Binti yao Dorine anasomea uuguzi Ujerumani. Baada ya msiba wa baba yake mkubwa, alituma simu yake ya zamani pamoja na bangili ya mpira, ile ya kuvaa mkononi inayohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, ili baba yake awe anaangaliwa. Boaz aliivaa bangili, lakini simu aliikataa, akabaki na kabambe yake ya vitufe. Kwa hiyo simu ilikaa nyumbani na Phanice. Boaz akiwa Mbita, bangili huyaweka yote moyoni mwake, na akirudi ikakaribiana na simu, inamwaga yote ya siku hizo kwenye programu yake. Hapo ndipo Phanice anafungua na kusoma.

"Soma hapa," akaniambia, akigonga kioo cha simu kwa ukucha. "Juzi, akiwa Mbita."

Ulikuwa ukurasa wa usingizi. Kulikuwa na mchoro wa ngazi ngazi zinazopanda na kushuka kutoka usiku hadi asubuhi, na chini yake safu nne, kila moja na rangi yake: Wach, REM, Leicht, Tief. Mbele ya Wach kuliandikwa 1 Std. 40 Min.

"Mimi hiyo lugha siijui," nikasema.

"Utaijuaje na wewe ni mtu wa pwani? Hiyo ni Kijaluo. Dorine ametuwekea Kijaluo. *Wach* ni maneno. Mazungumzo. Hiyo Std. nilidhani ni darasa, kama Std. Eight, halafu nikaona dakika, nikajua ni masaa. Saa nzima na dakika arobaini usiku, mtu ambaye analala peke yake! Anaongea na nani? Ukuta?"

"Na hii REM?"

"*Rem* ni uchungu," akasema, na sauti yake ikapungua. "Maneno na uchungu. Hata mashine imemhurumia Phanice."

Nitasema ukweli: niliamini. Kijaluo changu ni cha kuuliza bei na kushukuru. Mtu akiniambia neno ni la lugha ya mama yake, mimi ni nani wa kumbishia? Lakini zile safu mbili za chini, Leicht na Tief, zilinikaa vibaya. Nikamuuliza na hizo ni Kijaluo gani. Akasema labda ni vifupisho.

Hakuishia hapo. Alifungua ukurasa wa moyo mwenyewe, ule wenye picha ya moyo mdogo na mstari unaopanda na kushuka siku nzima. Juu yake kuliandikwa Ruhepuls, na hilo alilipita tu. Alichotaka nione ni usiku. Mstari ulikuwa umelala chini, halafu unaruka juu ghafla, unashuka polepole, unaruka tena. Akalinganisha saa za mchoro huu na ule wa kwanza. Kila moyo uliporuka, ndipo Wach ilipokuwa.

"Anaongea, na moyo unakimbia," akasema. "Mimi si mtoto, Tima. Kwanza ni Mbita! Mimi ni msichana wa Rusinga, kisiwa cha pale pale, nyumba yetu unaiona ukisimama ufuoni huko. Amenitafutia aibu mlangoni kwa mamangu. Leo naenda kwetu na begi langu, na ndugu zangu nataka wasikie kwa masikio yao. Nitolee hayo maneno."

Basi begi lilikuwa la kuondoka. Miaka zaidi ya ishirini ya ndoa ilikuwa imekaa sakafuni kwangu, zipu haifungi vizuri. Hasira ilinipanda, si kwa Phanice wala Boaz, bali kwa kile kimpira. Watu hutuma vitu bila kutuma maelezo yake.

Nikamwambia jambo moja nililokuwa na hakika nalo. Bangili kama hizo nimeuza. Mgongoni zina taa ya kijani inayomulika ngozi na kuhesabu damu inavyopita, na zinasikia mkono ukitikisika. Basi. "Hii haina sikio, Mama Dorine. Haiwezi kurekodi mtu."

"Sasa imejuaje ameongea?"

Nikaamua kufanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo kama asingenivuruga na begi. Nikatafuta alama ya gurudumu la meno, maana mipangilio ya simu huijua kwa picha hata ukiandikiwa kwa lugha ya majini, nikashuka mpaka penye lugha. Kumbe simu nzima ilikuwa ya Kijerumani. Phanice alikuwa akiitumia kwa kukariri picha: kijani ni WhatsApp, bluu ni ile nyingine. Nikaweka Kiswahili. Simu ikageuka, lakini programu ya bangili haijui Kiswahili, kwa hiyo yenyewe ikaangukia Kiingereza. Nikafungua tena ukurasa wa usingizi.

REM ilibaki REM. Leicht ikawa Light, Tief ikawa Deep. Na pale palipokuwa na Wach, saa moja na dakika arobaini, sasa paliandikwa Awake.

Phanice alisoma polepole, midomo ikicheza. Alimaliza darasa la nane na Kiingereza chake ni kizuri kuliko anavyotaka watu wajue.

"Awake," akasema. "Si ni kuwa macho?"

"Ni kuwa macho. Na REM ni usingizi wa ndoto. Hakuna mtu aliyeongea. Mumeo hakulala tu."

Nilidhani atacheka. Mimi nilikuwa tayari kucheka. Lakini aliitazama simu kana kwamba imemtukana kwa njia mpya. "Mtu anakosaje kulala hivyo? Labda ni kitanda cha Mbita."

"Labda. Na haya mambo hukisia pia. Mtu akilala kimya bila usingizi, yanaweza kumhesabia amelala. Kwa hiyo huenda ni zaidi. Nyumbani je?"

"Nyumbani sijawahi kuangalia. Nyumbani si niko naye? Ningeangalia nini?"

Nikasukuma ukurasa kwa kidole kurudi nyuma, usiku baada ya usiku. Jumapili, Migori: Awake, saa mbili na zaidi. Jumamosi, hivyo hivyo. Wiki iliyotangulia, hivyo hivyo. Usiku wa Mbita ndio uliokuwa na nafuu.

Phanice alikaa kwenye benchi la wateja. Mimi nikapata kazi ya kupanga kava ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Kando yangu," akasema mwishowe. "Tima, kando yangu, na mimi nakoroma."

Alimpigia Boaz aje. Boaz alifika na aproni yake ya sokoni, mtu mrefu, macho mekundu ambayo sote tulikuwa tumeyazoea tukidhani ni moshi na vumbi la omena. Akaliona begi. Akamwona mkewe. Hakuuliza begi la nini.

"Wuon Dorine," Phanice akamwambia, yaani Baba Dorine, "hulali. Kwa nini hulali?"

"Nani amesema?"

Phanice akamwonyesha simu. Boaz akatazama bangili mkononi mwake kama mtu aliyegundua kwamba mgeni aliyemlisha ni mpelelezi. Nikataka kutoka nje niwaachie nafasi, lakini mlango walikuwa wameuziba wao.

"Maranga alilala mzima," Boaz akasema. "Alikula, tukapiga story kwa simu, akalala. Asubuhi majirani wakavunja mlango. Hakuumwa, hakuita mtu. Alilala tu. Sasa mimi usingizi ukianza kunivuta, nashtuka. Moyo unapiga mpaka nasikia kwa masikio. Nakaa hivyo mpaka mwili ushindwe."

"Na hukuniamsha?"

"Nikuamshe nikwambie nini, nyar Rusinga? Ati mwanaume mzima anaogopa kulala?"

Mimi nina ulimi mrefu, Suna nzima inajua, lakini hapo nilisema la maana tu: kwamba kifaa si daktari, na kesho waende hospitali apimwe moyo, na amwambie daktari habari za Maranga pia. Boaz akaitikia kwa kichwa. Akaketi benchini kando ya mkewe, akaegemea ukuta wangu wenye mabango ya simu. Alikuwa amelisema, na nadhani kulisema kulimmaliza nguvu. Kichwa kikaanguka begani kwa Phanice. Akalala hapohapo, mchana kweupe, redio za jirani zikipiga kelele.

Phanice alikuwa bado ameshika simu, kwenye ukurasa wa moyo. Sasa bangili na simu vilikuwa pamoja, na tarakimu ilikuwa ikibadilika mbele yake. Themanini na tano. Sabini na nane. Sabini na moja. Akanikodolea macho.

"Tima! Inashuka. Moyo wake unashuka!"

"Ndivyo moyo wa mtu aliyelala unavyofanya," nikamwambia. "Mwangalie kifua. Unaona kinavyopanda? Wako na wangu pia hushuka. Mwache."

Sitini na sita. Sitini na nne. Ikatulia hapo. Mteja akaingia akitaka chaja, nikamtoa kwa ishara ya mkono, akatoka akininung'unikia, na sikujali.

Boaz alishtuka baada ya muda, mwili mzima, kama mtu aliyesukumwa kitandani. Tarakimu ikaruka. "Nimelala?" akauliza.

"Umelala," Phanice akasema, akakirudisha kichwa chake begani. "Lala tena. Mimi niko macho."