Kichwa cha Mshale

Mimi nikikasirika huongea na kompyuta. Ijumaa asubuhi, hapa kwangu Kimbo, niliitukana mpaka jirani akabisha mlango kuuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa.

Baba yangu, Karanja, amechunga boila ya kiwanda cha juisi kule Thika miaka ishirini na sita. Ukutani mwa chumba cha boila alikuwa amechora kwa kalamu nene namna ya kuiwasha: visanduku vya kazi, almasi za maswali, mistari ya Ndiyo na Hapana. Kiharusi kilipomwangusha, meneja wake, Githae, akaupiga picha ukuta kwa simu. Halafu, kwa vile wakaguzi walikuwa wanakuja, akaupaka rangi wote. Jameni, ni nani hupaka rangi juu ya akili ya mtu?

Ndipo akanikumbuka mimi, kwa sababu kazi yangu ni kuandika miongozo ya mashine. "Emmah, nigeuzie hii picha iwe msimbo, kompyuta ichore yenyewe vizuri. Jumatatu Calvince, yule mwanafunzi wa mzee, anawasha boila peke yake mara ya kwanza."

Nikaandika mstari kwa mstari. Almasi: Presha imefika sita? Ndiyo inaenda Fungua valvu nyeupe. Hapana inaenda Washa pampu ya pili. Nilikagua kila tawi kwa kidole, picha hapa, msimbo pale, na yote yalikubaliana. Ila kulikuwa na mstari mmoja kati ya valvu na pampu. Baba ni mtu wa mabomba, na kichwa cha mshale hukiweka katikati ya mstari, vile wao hupaka mishale kwenye bomba. Sasa flashi ya simu ya Githae ilikuwa imetua hapo hapo katikati. Doa jeupe tu.

Nikaipa programu ya akili bandia ile picha. Ikajibu bila kusita: kutoka valvu kwenda pampu. Nikauliza tena. Kutoka pampu kwenda valvu. Wueh! Na zote mbili kwa ujasiri ule ule!

Si mchezo. Kama ni valvu kwanza halafu pampu, basi ukiwasha pampu valvu ikiwa imefungwa, bomba linapasuka. Kama ni pampu kwanza, ukifungua valvu kabla yake presha ikiwa chini, maji ya moto yanarudi nyuma na kumkuta Calvince amesimama pale. Mafundi wengine niliowapigia walisema hawajui, lile bomba la pembeni, la kuunganisha valvu na pampu, mzee alilichomelea mwenyewe.

Nikaenda nyumbani kwa wazazi, Landless. Baba alikuwa amekalishwa juani, mkono wa kulia umelala mapajani. Nikamwekea picha mbele ya macho.

"Baba, mshale unatoka kwa valvu kwenda kwa pampu?"

"Ee," akasema, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu.

"Ama unatoka kwa pampu kwenda kwa valvu?"

"Ee."

Nikampa kalamu kwenye mkono wa kushoto. Akachora kitu kama mnyoo, akakitazama, akaanza kulia. Alikuwa analijua jibu. Niliona kabisa kwamba analijua, na halikuwa na njia ya kutoka. Nilimfuta uso na kanga ya mama, nikajichukia kwa kumuuliza.

Jumamosi nikampelekea Githae msimbo. Mahali pa mshale niliweka mstari mtupu usio na kichwa, nikaandika kando kwa herufi kubwa: MWELEKEO HAUJULIKANI, MSIWASHE. Nikamwambia alete mhandisi.

"Mhandisi wa wapi wikendi? Mkaguzi hawezi kukubali mstari hauendi popote, Emmah."

"Basi msiwashe, Bwana Githae. Aki nakuomba."

"Sawa, sawa," akasema. Ile sawa ya kukufukuza.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi Calvince akanipigia. Sauti ya feni nyuma yake ilikuwa kubwa.

"Niaje siz. Nimeona chati, iko poa sana. Ati nifungue valvu, halafu pampu, si ndiyo?"

Mstari wangu ulikuwa umepewa kichwa, na onyo langu limefutwa. Ule ni msimbo, maandishi tu. Mtu yeyote anaweza kufuta alama moja, akaweka kichwa cha mshale anakotaka, na mchoro unatoka msafi kama mwingine wowote.

"Calvince, usiwashe! Huo mshale sikuuweka mimi. Hakuna anayeujua."

"Ai, Emmah, usinitishe. Githae yuko hapa nyuma yangu. Na hapa chini wameandika: Imechorwa na Karanja. Mzee ndiye alinifundisha hii kazi. Hajawahi kunichorea kitu hana uhakika nacho."

"Calvince, nisikilize..."

"Msalimie," akasema kwa upole, akakata simu akawashe.